Risiti ya Basi Haitoshi: Kisa cha Ovaloki Iliyorudishwa Kutoka Masasi

Kisa hiki nimekishughulikia mwenyewe kama msaidizi wa kisheria hapa Masasi. Majina, namba za simu, jina la duka na la basi nimeyaondoa, na vitu vidogo vichache nimevibadilisha ili wahusika wasitambulike. Mwenye kisa namwita Fundi, naye ameridhia kiandikwe. Wa upande wa pili namwita Muuzaji.

## Usuli

Fundi ni mama wa miaka arobaini na kitu, ana chumba cha ushonaji na wanafunzi wawili. Alikuwa amepata tenda ya kushona fulana na suruali za michezo za shule moja, na kwa kitambaa kinachovutika cherehani ya kawaida haitoshi. Alihitaji ovaloki ya nyuzi nne. Ile ya nyuzi tatu ina sindano moja na inafaa kuzuia ukingo wa kitambaa usichambuke. Ya nyuzi nne ina sindano mbili, hivyo inafunga ukingo na kuunga mshono kwa pamoja, na suruali ya mtoto anayekimbia haiachii paja.

Muuzaji ana duka Kariakoo na anauza zaidi kwa kuweka picha Instagram, kisha maelewano yanahamia WhatsApp. Walikubaliana kichwa cha ovaloki iliyotumika, bila meza wala mota, kwa shilingi 580,000. Fundi alilipa yote kwa simu. Siku ya Jumamosi Muuzaji akamwandikia: “Dada angu, kijana anapeleka stendi sasa hivi, mtumie 5,000 ya boda kwa namba hii.” Fundi akatuma. Akaisahau ile elfu tano kama mtu yeyote anavyoisahau, lakini msomaji aikumbuke.

## Mambo yalivyokwenda

Mzigo ulifika Masasi, na Jumatatu Fundi akaufungua. Hakuhitaji hata kuiwasha: alitazama kwenye kishikio cha sindano akaona tundu moja. Ilikuwa ya nyuzi tatu. Akapiga picha ya sindano, akapiga picha ya kibati chenye namba ya mashine, akazituma zote mbili saa hiyohiyo.

Muuzaji hakubisha. Alijibu kwa ujumbe wa sauti, na maneno yake nimeyasikiliza mara nyingi: vijana wamechanganya stoo, samahani sana, airudishe kwa basi lilelile, aandike jina la duka na namba yake ya simu, “nikiipokea tu nakutumia ya nyuzi nne au nakurudishia hela yako, utakavyopenda wewe.”

Jumatano Fundi na binti yake wakaifunga. Binti alirekodi video kwa simu, si kwa sababu alitarajia ugomvi, bali alitaka kumwonyesha mama yake mdogo mashine inavyofanana. Kibati cha namba kinaonekana wazi kwa sekunde nne hivi. Mashine inaingia kwenye boksi, halafu video inakatika kabla boksi halijafungwa kwa gundi ya karatasi.

Ofisini kwa basi karani aliandika risiti: jina la Fundi na simu yake, jina la duka na simu ya Muuzaji, Masasi kwenda Dar es Salaam, “boksi 1, vifaa”, nauli 15,000. Namba ya mzigo ikaandikwa kwa maka peni juu ya boksi. Fundi akapiga picha ya boksi likiwa juu ya meza ya karani na risiti imelala pembeni, namba zote mbili zikisomeka. Akaituma kwa Muuzaji. Jibu likaja baada ya dakika chache: “Poa dada, ikifika nitamtuma kijana.”

Basi liliondoka alfajiri ya Alhamisi. Ijumaa jioni Fundi aliuliza kama mzigo umefika. Tiki mbili zikageuka bluu, jibu hakuna. Jumamosi: “Bado, sijapigiwa simu.” Jumatatu: “Dada mvua hizi, barabara yenu hiyo, labda umekwama njiani.” Hapo Fundi alitulia, kwa sababu barabara ya kusini kukatika wakati wa masika maeneo ya Somanga si habari ngeni kwa mtu wa Masasi. Alhamisi, siku nane tangu autume, likaja neno lenyewe: “Mimi sijapokea kitu. Wadai watu wa basi.”

Alikwenda ofisini kwa basi mchana huohuo. Karani, kijana mwenye adabu, alipiga simu Dar es Salaam mbele yake, akasikiliza, akasema, “Mama, mzigo wako umeshatoka. Ulichukuliwa Ijumaa.” Fundi akamwandikia Muuzaji kwamba basi wanasema umechukuliwa. Akajibiwa: “Umechukuliwa na nani? Sio mimi.”

Ijumaa asubuhi akaja kwangu na risiti mkononi. Alikuwa amekwisha kuamua kwamba yeye ana ushahidi na Muuzaji hana. Nilisikitika kumwambia kwamba bado.

## Tulivyoipima ile risiti

Hapa ndipo watu wengi hukwama. Risiti ya mzigo inathibitisha jambo moja tu: kwamba siku fulani, katika ofisi fulani, ulikabidhi boksi. Muuzaji hakukataa hilo hata mara moja. Alichokataa ni kwamba boksi lilifika kwake. Kumpelekea risiti tena na tena, kama Fundi alivyokuwa anafanya, ni kujibu swali ambalo halijaulizwa.

Nilichukua karatasi tukaichora safari ya ile mashine kwa mikono iliyoipitisha: mkono wa Fundi, mkono wa karani wa Masasi, basi, mkono wa karani wa Dar es Salaam, mkono wa aliyeichukua, mkono wa Muuzaji. Kwa kila makabidhiano tuliandika tuna nini. Fundi kwenda kwa karani wa Masasi tulikuwa na risiti na picha. Masasi kwenda Dar es Salaam tulikuwa na neno la karani kwa simu tu. Karani wa Dar kwenda kwa mchukuaji tulikuwa na neno hilohilo, na jina hatuna. Mchukuaji kwenda kwa Muuzaji hatukuwa na kitu.

Pengo la maana lilikuwa kwenye makabidhiano hayo mawili ya mwisho. La kwanza kati yake linazibwa na daftari. Kila ofisi ya mizigo ya basi niliyowahi kuingia ina daftari la kutolea, ambamo mchukuaji anaandika jina, simu na sahihi mbele ya namba ya mzigo. Ofisi nyingine wanaandika na namba ya kitambulisho. Daftari hilo liko mwisho wa safari, si mwanzo wake, na hilo ndilo lililokuwa limemfunga Fundi: alikuwa anauliza Masasi kitu kilichoandikwa Dar es Salaam.

Kuna jambo la haraka pia. Daftari likijaa linawekwa kando, na baada ya wiki chache hakuna karani atakayelitafuta kwa ajili ya boksi moja. Siku tisa zilikuwa zimepita.

## Maamuzi tuliyofanya, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutokumwaga jambo hili mtandaoni. Fundi alikuwa tayari ameandika maneno makali ya kubandika chini ya picha za duka, akisema mwenye duka ni mwizi. Nilimwomba ayafute. Tulikuwa hatujui kama ni Muuzaji, kijana wake, au mtu wa ofisini kwa basi, na ukishamwita mtu mwizi hadharani bila kuthibitisha, wewe ndiwe unayeanza kujitetea. Tena ilikuwa hakika kwamba angemfungia namba, na mazungumzo yangeishia hapo.

Uamuzi wa pili ndio ninaouona wa maana zaidi. Kabla ya kutafuta daftari, tulimwuliza Muuzaji swali moja lililofungwa, kwa maandishi, kwa heshima, bila kumwonyesha chochote. Fundi aliandika Jumamosi asubuhi:

“Kaka, naomba tuelewane ili nijue nimdai nani. Je, wewe au kijana yeyote wa dukani kwako, au mtu yeyote uliyemtuma, alikwenda kuchukua boksi ofisi ya basi kati ya Alhamisi na leo?”

Sababu ni hii. Mtu ambaye hajasema lolote la uhakika anaweza kuhama. Ukimwonyesha sahihi ya kijana, atasema, “Sawa, aliichukua, lakini boksi lilikuwa na mawe.” Ukimwonyesha namba, atasema ya jirani. Akishajibu kwanza, kila anachokisema baadaye kinapimwa kwa jibu lile. Na kama ni mkweli, swali halimdhuru, linampa nafasi ya kuuliza vijana wake.

Alijibu: “Hakuna mtu wangu aliyekwenda. Nimeshakwambia.” Dakika chache baadaye likatokea tangazo katikati ya mazungumzo kwamba amewasha ujumbe unaojifuta baada ya saa 24. Fundi alishtuka akadhani kila kitu kitapotea. Hapana: mpangilio huo unagusa jumbe zinazoandikwa baada ya kuwashwa, za nyuma zinabaki. Hata hivyo tulipiga picha za skrini za mazungumzo yote tangu mwanzo, pamoja na lile tangazo lenyewe, kisha tukahifadhi mazungumzo nje ya simu kwa `Export chat`. Jibu lake la “hakuna mtu wangu” lilikuwa limeingia kabla ya tangazo, likabaki.

Niliongeza angalizo moja ambalo Fundi hakulijua. Picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida inabanwa, na taarifa zake za ndani, kama saa iliyopigwa, zinaondolewa. Picha halisi ni ile iliyobaki kwenye simu yake. Kwa hiyo asifute chochote kwenye simu ile kwa kutafuta nafasi, na akitaka kuipeleka kwa mtu ikiwa nzima aitume kama faili, yaani `Document`.

## Daftari

Fundi ana shemeji anayeishi Mbagala. Tulimpa vitu vitatu: picha ya risiti, nakala ya kitambulisho cha Fundi, na barua fupi ya mkono yenye sahihi yake inayosema, “Mimi niliyetuma mzigo namba hii namtuma shemeji yangu aombe kuonyeshwa kumbukumbu ya aliyeuchukua.” Kwa mtu wa ofisi ya mizigo tofauti ni kubwa kati ya mtu anayekuja kugomba na mteja anayekuja na karatasi ya kuonyesha ni mteja. Karani wa Masasi naye alipiga simu mapema kuwaambia kwamba mgeni anakuja. Sisi ndio tuliomwomba, naye hakuona tabu.

Jumatatu shemeji alikwenda. Karani wa kwanza alikataa, akasema daftari haliruhusiwi kupigwa picha. Shemeji hakubishana, akamwomba msimamizi. Msimamizi alisoma barua, akalifungua, akakubali mstari mmoja upigwe picha. Shemeji aliziba mistari ya juu na ya chini kwa karatasi mbili nyeupe. Hilo nilimwagiza mimi, kwa sababu majina na simu za wateja wengine si zetu, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ofisi ina haki ya kuogopa jambo hilo. Karatasi zile mbili ndizo zilizomlainisha msimamizi.

Mstari ulikuwa na namba ya mzigo ileile ya kwenye boksi, tarehe ya Ijumaa, saa 9:40 alasiri, alama ya vema kwenye safu ya “amepigiwa simu”, jina moja la kwanza, namba ya simu, na sahihi.

Jina halikuwa la Muuzaji. Simu haikuwa ya Muuzaji.

Shemeji aliona kazi imeharibika, akatuma picha na maneno ya kusikitika. Fundi naye alikata tamaa kwa muda wa saa nzima. Mimi nilifurahi kuona kwamba mstari upo, kwa sababu sasa makabidhiano ya basi yalikuwa yamefungwa: mzigo ulifika Dar es Salaam, mvua au si mvua, na mtu mwenye simu alitia sahihi. Kilichobaki ni kujua huyo mtu ni wa nani.

## Elfu tano

Nilimwambia Fundi aandike tarakimu nne za mwisho za ile namba kwenye sehemu ya kutafuta katika jumbe za simu yake. Lilikuwa jambo la kujaribu tu, nalijua kama desturi: namba ngeni usiipigie kwanza, itafute kwanza.

Ikatokea meseji moja. Ujumbe wa muamala wa wiki mbili na siku mbili nyuma: umetuma shilingi 5,000 kwa namba ile, na mbele yake majina mawili kamili. La kwanza ndilo lililoandikwa kwenye daftari.

Ilikuwa ile nauli ya boda. Na kule WhatsApp, siku ileile, maneno ya Muuzaji mwenyewe: “kijana anapeleka stendi sasa hivi, mtumie 5,000 ya boda kwa namba hii.”

Sasa mnyororo ulikuwa umefungwa kwa maneno ya watu watatu ambao hawakukaa pamoja kupanga. Muuzaji aliitambulisha namba kuwa ya kijana wake, wakati ambapo hakuna ugomvi. Kampuni ya simu iliandika jina la mwenye namba. Daftari la basi likaonyesha namba hiyohiyo na jina hilohilo kwenye mzigo wa kurudi. Na katikati yake lile jibu la siku mzigo ulipotumwa: “ikifika nitamtuma kijana.”

## “Kufika” maana yake nini

Kabla ya kumwandikia Muuzaji tulibishana kidogo, mimi na Fundi. Yeye alisema, “Lakini huenda kijana aliiba, kaka wa watu hajui.” Ni hoja ya mtu mwenye moyo mzuri, na inawezekana kabisa ilikuwa kweli. Ila haibadilishi nani anadaiwa.

Muuzaji alisema atamtuma kijana. Aliyetumwa akipokea, aliyemtuma amepokea. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ina sehemu nzima ya uwakala inayosimama juu ya wazo hilo, lakini huhitaji kitabu kulijua: ukimtuma mwanao dukani akapewa chenji, muuza duka hadaiwi tena chenji hata mtoto akiidondosha njiani. Fundi hakuwa na wajibu wa kuthibitisha kwamba mashine iliingia mlangoni mwa duka. Alihitaji kuthibitisha kwamba ilifika kwenye mkono ambao Muuzaji mwenyewe aliuteua. Kilichotokea baada ya hapo ni kati ya Muuzaji na kijana wake.

Jambo hili lilitusaidia pia kuchagua lugha. Hatukuwa na haja ya kumwita mwongo. Jumanne asubuhi Fundi alituma:

“Kaka, habari za kazi. Nimepata kumbukumbu ya ofisi ya basi. Mzigo wangu ulichukuliwa Ijumaa saa 9:40 alasiri na mtu mwenye namba ambayo wewe ulinipa nitume 5,000 ya boda wakati unanitumia mashine. Nimekuwekea picha ya daftari, ujumbe wa muamala, na maneno yako ya siku ile. Inawezekana kijana hakukwambia au aliiweka mahali. Naomba umuulize. Ninachoomba ni 580,000 yangu kama ulivyosema, hadi Ijumaa. Isipowezekana nitapeleka haya yote kwenye Mahakama ya Mwanzo.”

Picha tatu zilifuata, kwa mpangilio huo. Hatukuweka video ya binti, wala picha za sindano, wala risiti. Risiti alikwisha kuiona mara nane. Ukimpa mtu vitu kumi atachagua kile dhaifu aanze nacho.

## Matokeo

Tiki zikawa bluu saa nne asubuhi. Jioni Muuzaji alipiga simu, akasema amemuuliza kijana, na kijana aliiacha kwenye stoo ya jirani kwa sababu siku ile duka lilikuwa limefungwa. Fundi alimshukuru kwa kuulizia, hakusema zaidi. Alipokata simu alimwandikia: “Kama tulivyoongea sasa hivi kwa simu, umesema mashine ilionekana stoo ya jirani na utanirudishia hela.” Akajibiwa, “Ndiyo dada.” Akapiga picha ya skrini mara moja, kwa kuwa jumbe sasa zilikuwa zinajifuta.

Jumatano iliingia 400,000. Zile 180,000 zilikuja baada ya wiki nzima na kukumbushwa mara mbili. Nauli ya kurudisha, 15,000, hakurudisha. Tenda ya shule Fundi aliimaliza kwa kupeleka vipande kwa fundi mwenzake mwenye ovaloki na kumlipa kwa kila kipande, hivyo faida yake ilipungua sana.

## Kilichofanya kazi, na kilichotuponyoka

Kilichotuokoa, niseme wazi, ni bahati iliyokaa mahali pazuri. Kama Muuzaji angelipa boda mwenyewe siku ile ya kwanza, tungekuwa na jina la mtu tusiyemjua. Ingebaki “nitamtuma kijana”, ambayo ina uzito, na tungeweza kuangalia jina linalotokea unapoanza kutuma pesa kwa namba hiyo, kisha usithibitishe. Lakini jina hilo peke yake lisingemuunganisha kijana na duka. Ndiyo maana siku hizi nawaambia watu wanaorudisha bidhaa waulize mapema: “Nani atachukua? Naomba jina na namba yake niiandike kwenye mzigo.” Swali hilo lina adabu, halimshtui mtu, na linampa muuzaji nafasi ya kuteua mkono wake kwa maandishi kabla ya ugomvi.

Swali lililofungwa lilifanya kazi zaidi ya nilivyotarajia. Alipopata picha ya daftari hakuweza kusema kwamba kijana alichukua boksi tupu, kwa sababu alikwisha kusema hakuna mtu wake aliyekwenda. Njia pekee iliyobaki ilikuwa ile tuliyomwachia sisi, ya kijana aliyesahau.

Upande wetu ulikuwa na tundu kubwa ambalo Muuzaji hakuliona. Angeanza tangu mwanzo na kusema, “Boksi nimepokea, ndani hakuna mashine,” tungekuwa pabaya. Risiti ilisema “vifaa”. Video ilikatika kabla boksi halijafungwa. Uzito haukuandikwa popote, na hapa Masasi, mji wa korosho, mizani haikosekani hata mtaa mmoja. Kilo zikiandikwa kwenye risiti na karani, boksi tupu haliwezi kusingiziwa. Na karani akiombwa aandike “kichwa cha ovaloki 1” pamoja na namba ya kwenye kibati, badala ya “vifaa”, anaandika. Hakuna aliyemwomba.

Siku nane za kungoja nazo zilitugharimu. Ijumaa ile jioni, tiki zilipogeuka bluu bila jibu, ilitosha Jumamosi asubuhi kumwomba karani wa Masasi apige simu Dar es Salaam. Mstari wa daftari ungekuwa wa jana, na karani wa kule angekuwa bado anakumbuka sura ya mchukuaji.

Kuhusu mahakama, hatukufika, lakini tulijiandaa kana kwamba tutafika. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inasema ujumbe wa kielektroniki haukataliwi kuwa ushahidi kwa sababu tu ni wa kielektroniki, na uzito wake unapimwa kwa namna ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na namna mwandishi wake anavyotambulika. Ndiyo sababu nilisisitiza simu yenyewe ibaki na jumbe zake. Picha ya skrini inaonyesha, lakini inaweza kutiliwa shaka. Simu iliyo na mazungumzo, na taarifa ya miamala ambayo mtu anaweza kuiomba kwa mtandao wake, vinasimama vizuri zaidi.

Ile 15,000 Fundi aliniuliza kama tuidai. Kosa la kutuma mashine isiyo yenyewe lilikuwa la Muuzaji, kwa hiyo haki alikuwa nayo. Akahesabu nauli ya bajaji ya kwenda na kurudi mahakamani, na siku ya kazi ambayo angeifunga, akaikunja ile risiti akaiweka kwenye kopo la vifungo. Maandishi yake yalikuwa yameanza kufifia, ila picha ipo.